Nundu Ifikapo kwenye Kiungo

Chukua kamba mbili za nailoni, moja nyembamba ya milimita 8 na nyingine nene ya milimita 16. Ziunge kichwa kwa kichwa, uzivute mpaka zikakamae. Sasa simama upande wa kamba nyembamba, uishtue mara moja kwa kuipeleka mkono pembeni na kuirudisha. Nundu itaondoka mkononi mwako na kukimbia juu ya kamba kuelekea kwenye kiungo. Ikifika pale inagawanyika: sehemu moja inavuka na kuendelea katika kamba nene, nyingine inageuka na kurudi kwako. Na hiyo inayorudi inarudi kinyume. Kama uliirusha upande wa kulia, itakufikia ikiwa imetokeza upande wa kushoto.

Hamia upande wa pili, uanze na kamba nene. Nundu inagawanyika tena, ila mambo mawili yamebadilika. Inayorudi haijageuka, imetokeza upande uleule ulioirushia. Na iliyovuka kwenda kwenye kamba nyembamba ni kubwa kuliko ile uliyoituma: ukituma nundu yenye kimo cha sentimita 6, upande wa pili itatoka ya sentimita 8. Hapo ndipo wanafunzi wengi husita, kwa sababu inaonekana kamba imezalisha kitu kutoka hewani.

Fizikia inalieleza tukio hili kwa namba mbili. Ya kwanza ni kizigeu cha uakisi, yaani kimo cha nundu iliyorudi ukikigawanya kwa kimo cha nundu iliyotumwa. Huandikwa r, na ikiwa hasi maana yake nundu imegeuka. Ya pili ni kizigeu cha upitishaji, t, yaani kimo cha nundu iliyovuka ukikigawanya kwa kimo kilekile cha mwanzo. Namba hizi hazihitaji kukaririwa. Zinatokana na mambo mawili ambayo kiungo chenyewe hakiwezi kuyakwepa.

Uzito wa kila mita

Kabla ya kufika kwenye kiungo, tujue nundu inakwendaje ndani ya kamba moja. Mambo mawili huamua mwendo wake: mkazo, yaani nguvu inayoivuta kamba, na uzito wa kila mita ya kamba hiyo. Mkazo ukiongezeka nundu inakwenda kasi zaidi. Uzito wa kila mita ukiongezeka inapungua kasi. Kwa hesabu, kasi ni kipeuo cha pili cha mkazo uliogawanywa kwa uzito wa mita moja: v = √(T/μ).

Angalia kwamba kinachohesabiwa ni uzito wa mita moja, wala si unene wa kamba au aina ya kitu kilichoitengeneza. Waya wa chuma wa milimita 3 una takriban gramu 55 kwa mita, na kamba ya nailoni ya milimita 8 ina kama gramu 40. Kwa nundu inayotoka kwenye nailoni hiyo, ule waya mwembamba ndio upande mzito. Anayekadiria kwa macho hapa hukosea alama ya r, akategemea nundu isiyogeuka na kupata iliyogeuka.

Kwa kamba zetu mbili za nailoni hesabu ni nyepesi. Ile ya milimita 8 ina kilo 0.04 kwa mita. Ile ya milimita 16 ina unene mara mbili, kwa hiyo eneo la mkato wake ni mara nne, na uzito wake ni mara nne pia: kilo 0.16 kwa mita. Mkazo tuupate kwa kupitisha ncha moja ya kamba juu ya kapi na kuning'iniza ndoo ya maji yenye jumla ya kilo 6.5. Hiyo inatupa nguvu ya karibu nyutoni 64. Kwa kuwa kamba zimeungwa mstari mmoja, mkazo ni huohuo pande zote mbili. Kasi basi inakuwa mita 40 kwa sekunde katika kamba nyembamba, na mita 20 kwa sekunde katika kamba nene.

Mkono ukichukua sekunde 0.05 kwenda na kurudi, nundu katika kamba nyembamba itakuwa na upana wa mita 2. Ikivuka kwenda kwenye kamba nene, muda wake haubadiliki, maana kiungo kinatikisika kwa muda uleule. Kinachobadilika ni upana: kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, nundu inabanwa mpaka mita 1. Tutaukumbuka upana huo tukifika kwenye suala la nishati.

Mambo mawili yasiyokwepeka

Jambo la kwanza ni kwamba kamba haijakatika. Mahali zinapokutana, ncha ya kamba nyembamba na ncha ya kamba nene ni nukta moja, hivyo zinahama pamoja, kimo kilekile na wakati uleule. Upande wa kushoto wa kiungo una nundu inayofika pamoja na nundu inayorudi. Upande wa kulia una nundu inayovuka peke yake. Kwa hiyo inayofika ukijumlisha inayorudi lazima ilingane na inayovuka. Tukiipa inayofika kimo cha 1, tunapata 1 + r = t.

Jambo la pili linahusu nguvu. Kila kamba inakivuta kiungo kufuata mwelekeo wake yenyewe, na kama kamba imeinama kidogo, sehemu ya mvuto huo inakwenda pembeni. Tuchukulie kwamba kiungo hakina uzito wowote. Kama mvuto wa pembeni wa kushoto haungelingana na ule wa kulia, kitu kisicho na uzito kingekuwa kinasukumwa na nguvu, na kingeruka kwa mwendo usio na kikomo. Hilo haliwezekani, kwa hiyo mivuto hiyo miwili hulingana kila wakati. Maana yake machoni ni kwamba kamba haina kona pale kwenye kiungo: mteremko wa kushoto unaendelea bila kuvunjika hadi kulia.

Ili kuigeuza kauli hii kuwa hesabu, tunahitaji kipimo cha ubishi wa kamba, yaani nguvu kiasi gani inahitajika kuitikisa kamba pembeni kwa kasi fulani. Kipimo hicho huitwa ukinzani wa wimbi, huandikwa Z, na ni kipeuo cha pili cha mkazo mara uzito wa mita moja: Z = √(Tμ). Wazo la ukinzani wa namna hii lilipewa jina na Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886, alipokuwa akishughulikia umeme katika nyaya, na baadaye likaonekana linafaa kwa kila aina ya wimbi. Kamba yetu nyembamba ina ukinzani wa 1.6, na ile nene 3.2, vyote kwa kilo kwa sekunde. Uzito ni mara nne, ila ukinzani ni mara mbili tu, kwa sababu ya kile kipeuo.

Sasa sharti la nguvu linaandikwa hivi: Z₁(1 − r) = Z₂t. Alama ya kutoa imeingia kwa sababu nundu inayorudi inasafiri upande wa pili, na mteremko wake umegeukia huko.

Tufanye hesabu

Tuanze na kamba nyembamba kwenda nene. Z₁ ni 1.6 na Z₂ ni 3.2, kwa hiyo sharti la nguvu linakuwa 1 − r = 2t. Sharti la kwanza linasema t ni sawa na 1 + r, hivyo tunaweka hilo mahali pa t na kupata 1 − r = 2 + 2r. Hapo r ni −1/3, na t ni 2/3. Nundu ya sentimita 6 inarudisha nundu ya sentimita 2 iliyogeuka, na inapitisha ya sentimita 4.

Kutoka kamba nene kwenda nyembamba, njia ni ileile, ila namba za ukinzani zinabadilishana nafasi. Tunapata r ya +1/3 na t ya 4/3. Sentimita 6 zinarudisha sentimita 2 zisizogeuka, na kupitisha sentimita 8.

Kwa kamba zozote mbili, majibu ni haya:

r = (Z₁ − Z₂)/(Z₁ + Z₂)

t = 2Z₁/(Z₁ + Z₂)

Ukitaka kuhakikisha kwamba kanuni hizi zina akili, zipeleke kwenye ncha zake mbili. Kamba ikifungwa ukutani, ni kama upande wa pili una ukinzani usio na mwisho: r inakuwa −1, nundu yote inarudi ikiwa imegeuka, na kiungo hakisogei. Kamba ikiungwa na uzi mwepesi sana usio na ukinzani wa maana, r inakuwa +1 na t inakuwa 2: nundu yote inarudi bila kugeuka, na ncha ya kamba inaruka kimo mara mbili ya nundu iliyofika. Na kamba mbili zikiwa na ukinzani sawa, r ni sifuri, yaani hakuna kinachorudi.

Ile ziada imetoka wapi?

Turudi kwenye sentimita 8. Kosa la anayesita ni kudhani kwamba kimo ndicho nishati. Nishati ya nundu inategemea kimo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe, kisha kikagawanywa kwa upana wake. Sababu ni kwamba nundu ndefu iliyobanwa kwenye nafasi fupi inaikunja kamba kwa mwinuko mkali, na ndogo iliyotandazwa inaikunja kwa mwinuko mpole. Mkazo nao unaingia kwenye hesabu hiyo, ila kwa kuwa ni mmoja pande zote, tunaweza kuuacha nje na kulinganisha namba zilizobaki.

Kutoka kamba nene, nundu ya sentimita 6 ina upana wa mita 1. Sita mara sita ni 36, tukigawanya kwa 1 ni 36. Inayorudi ina kimo cha 2 na upana wa mita 1: inabeba 4. Inayovuka ina kimo cha 8, lakini imetandazwa mpaka mita 2: 64 ukigawanya kwa 2 ni 32. Nne na thelathini na mbili ni thelathini na sita. Hakuna kilichozidi.

Kutoka kamba nyembamba, nundu ya sentimita 6 yenye upana wa mita 2 inabeba 18. Inayorudi, kimo 2 na upana mita 2, inabeba 2. Inayovuka, kimo 4 na upana mita 1, inabeba 16. Jumla ni 18.

Zitazame namba hizo tena. Katika safari zote mbili, sehemu moja kati ya tisa ya nishati imerudi na sehemu nane zimevuka. Vimo vinatofautiana sana kutegemea ulikoanzia, lakini mgawanyo wa nishati haujali mwelekeo. Kiungo kinachorudisha asilimia 11 ukitokea kushoto kinarudisha asilimia 11 ukitokea kulia.

Fundo linapoharibu hesabu

Mwalimu anayetaka kulionyesha hili darasani atahitaji mita kumi za kila kamba, uwanja au varanda ndefu, na simu inayorekodi video ya mwendo wa taratibu. Kwa picha 240 kwa sekunde, nundu inachukua kama picha 60 kuvuka mita 10 za kamba nyembamba, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha ya kuisimamisha na kuipima. Kamba ning'inie juu ya ardhi, maana ikigusa sakafu msuguano unaufanya mkazo usiwe sawa pande mbili, na hesabu yote imejengwa juu ya mkazo mmoja.

Adui mkubwa ni fundo lenyewe. Tulisema kiungo hakina uzito, lakini fundo la kamba ya milimita 16 linaweza kumeza sentimita 30 za kamba, ambazo ni karibu gramu 48. Kipande cha kamba nyembamba kilichobeba nundu, yaani mita 2, kina gramu 80. Fundo basi lina zaidi ya nusu ya uzito wa kipande kizima kinachotikisika, na haliwezi kupuuzwa.

Dalili yake inaonekana vizuri ukituma nundu kutoka kamba nene. Fundo zito linachelewa kuondoka, kwa hiyo mwanzo wa nundu unalikuta limesimama kama ukuta na kurudi umegeuka. Fundo likishaanza kwenda, sehemu iliyobaki inarudi bila kugeuka, kama kanuni inavyotaka. Matokeo ni kwamba kinachokurudia kina bonde dogo mbele na nundu nyuma, na iliyovuka imelainika na kuchelewa. Kiungo safi hakibadilishi umbo la nundu. Hubadilisha kimo, upana na upande tu. Ukiona umbo limebadilika, usilaumu kanuni, tazama fundo. Dawa yake ni kuacha fundo, kuzilaza ncha mbili pamoja kwa sentimita chache na kuzishona kwa uzi imara. La sivyo, tuma nundu pana zaidi kwa kuupeleka mkono polepole, ili fundo lionekane dogo mbele yake.

Kipimo kingine cha kazi ni lile sharti la kwanza. Pima vimo karibu na kiungo: kilichovuka kiwe sawa na kilichotumwa ukijumlisha kilichorudi na alama yake. Katika mfano wetu, 6 ukiondoa 2 ni 4. Ukipata pungufu kubwa, labda umepima mbali na kiungo, nundu ikiwa imeshadhoofishwa na hewa na msuguano wa nyuzi za ndani ya kamba.

Kusoma kinachorudi

Kanuni ya r inaweza kusomwa kinyumenyume. Ukijua ulichotuma na ukapima kilichorudi, unajua ukinzani wa upande usiouona: Z₂/Z₁ = (1 − r)/(1 + r). Nundu ya sentimita 6 ikirudisha sentimita 3 zilizogeuka, r ni −0.5, uwiano wa ukinzani ni 3, na kamba ya pili ina uzito mara tisa kwa mita. Muda wa kurudi nao unakuambia kiungo kiko umbali gani.

Wahandisi wanaitumia mbinu hii kukagua nguzo za zege zilizozamishwa ardhini kubeba majengo na madaraja. Fundi anabandika kitambuzi cha mtikisiko juu ya nguzo na kuigonga kwa nyundo ya mkono. Wimbi linashuka ndani ya zege kwa kasi ya kama mita 4,000 kwa sekunde. Nguzo ya mita 12 inarudisha mwangwi wa chini kabisa baada ya milisekunde 6. Zege haina mkazo wa kamba, lakini ina ukinzani wake wa wimbi, na eneo la mkato likipungua ukinzani unapungua vilevile.

Tuseme udongo ulibomoka wakati wa kumimina zege, na kwenye kina cha mita 6 nguzo ikabaki na nusu ya eneo lake. Ukinzani umeshuka kwa nusu, sawa na kutoka kamba nene kwenda nyembamba, kwa hiyo r ni +1/3. Kwenye mchoro kutatokea mwangwi wa milisekunde 3, wenye alama ileile ya pigo la nyundo, kabla ya ule wa chini haujafika. Nguzo ikiwa imevimba mahali hapo, mwangwi ungegeuka. Kwa alama hiyo fundi anatofautisha uvimbe, ambao mara nyingi si tatizo, na kiuno chembamba ambacho ni hatari. Kwa kawaida mwangwi wa kweli ni dhaifu kuliko hesabu, kwa kuwa udongo unaokumbatia nguzo unanyonya nishati njiani.

Badiliko lisilorudisha kitu

Kuna namna moja ya kuupumbaza mwangwi, na kamba zinaionyesha vizuri. Weka katikati ya kamba zetu mbili kamba ya tatu yenye gramu 80 kwa mita, iwe ndefu kuliko nundu. Sasa kuna viungo viwili, na kila kimoja kina r ya karibu −0.17. Ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, hiyo ni asilimia 3 ya nishati kwa kila kiungo, jumla karibu 6, badala ya zile 11 za mwanzo. Tumeongeza kiungo, na kinachorudi kimepungua. Ongeza kamba nyingine za kati na kinazidi kupungua. Kamba inayonenepa kidogo kidogo kwa urefu unaozidi sana upana wa nundu hairudishi karibu chochote, ingawa mwanzo wake na mwisho wake ni tofauti kabisa.

Kwa mkaguzi wa nguzo hilo ni onyo. Pigo la nyundo la milisekunde 1 lina urefu wa mita 4 ndani ya zege. Nguzo ikipungua unene taratibu kwa mita nyingi kuliko hizo, mchoro utakuwa mtulivu kama wa nguzo nzima. Kasoro fupi sana nayo inaweza kupita: inatoa miangwi miwili, mmoja wa kuingia kwenye kiuno na mwingine wa kutoka, wenye alama zinazopingana, na pigo la mita 4 linailaza mmoja juu ya mwingine mpaka inakaribia kufutana. Nyundo ndogo yenye pigo fupi huifichua kasoro fupi, ila haifiki mbali kwenye udongo mzito.

Ndiyo maana mchoro usio na mwangwi wa kati hausomwi kama cheti kwamba nguzo ni nzima. Unachothibitisha ni kwamba hakuna mahali ambapo ukinzani umebadilika ghafla, kwa ukubwa na urefu ambao pigo lile linaweza kuutambua. Pakiwa na shaka zaidi, nguzo hutobolewa ili kutoa sampuli ya zege, au hubebeshwa mzigo wa majaribio.